Kusoma Gunia la Mchele Kwenye Picha Kabla ya Kulipa

Kazi yangu ni kununua nafaka kwa ajili ya jiko la pamoja linalolisha watu wengi, na karibu manunuzi yote hufanyika kwa picha. Muuzaji hupiga picha ya gunia akiwa ghalani kwake, huituma kwa simu, nami ndiye ninayesema fedha itoke au isitoke. Niliipokea kazi hii ikiwa imekwisha kuleta hasara. Shehena iliyonitangulia ilikubaliwa kwa picha moja nzuri iliyoonyesha uso wa gunia, jina la mchele kwa herufi nyekundu na uzito wake. Mchele ulipofika ulikuwa na fukusi na unga wa vumbi chini ya kila gunia, sehemu kubwa ikaishia kwa mifugo, na madai ya kurudishiwa fedha hayakufika popote kwa sababu makubaliano yalisema tu kwamba mzigo utakuwa kama ulivyo pichani. Nao kweli ulikuwa kama ulivyo pichani, maana picha ile haikuwa na jambo lolote linaloeleza umri wa mchele.

Nilianza kwa kuzitazama upya picha zote za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa, na jambo la kwanza nililolitambua ndilo linaloongoza usomaji wangu hadi leo: maandishi ya gunia huchapwa mara mbili, kwa nyakati mbili tofauti, na watu wawili tofauti. Mara ya kwanza ni kwenye kiwanda cha magunia, ambako maelfu ya magunia matupu huchapwa jina, picha ya masuke, daraja, uzito na anwani. Mara ya pili ni kinuni, siku gunia linapojazwa, ambapo mashine ya kunyunyizia wino, muhuri wa mkono au lebo iliyoshonewa mdomoni huongeza tarehe na namba ya bechi. Maandishi ya kwanza yanaeleza gunia lilikusudiwa kubeba nini. Ni ya pili tu yanayohusu mchele ulio ndani ya gunia hilo. Wauzaji wengi hupiga picha ya maandishi ya kwanza kwa kuwa ndiyo makubwa na ya kupendeza, ilhali ya pili huwa ni mstari mmoja mdogo mweusi wa nukta nukta, pengine chini kabisa, ubavuni au mgongoni. Picha isiyokuwa na mstari huo siijadili. Huiomba upya.

Nitaeleza kwa gunia moja ambalo picha yake nimeihifadhi, kwa kuwa lilikuwa na karibu kila jambo linalofaa kuelezwa. Lilikuwa gunia jeupe la nailoni iliyosukwa. Usoni liliandikwa kwamba ni mchele mweupe wa punje ndefu, chini yake "5% BROKEN", kisha "NET WT 50 KG". Karibu na mshono wa chini palikuwa na mistari mitatu ya nukta nyeusi:

```
PD 03/04/24
ED 02/04/26
L24094-2
```

Nianze na daraja. Asilimia iliyotajwa ni kiasi cha chenga kwa uzito, yaani katika gunia la kilo 50 lenye asilimia 5 unatarajia kilo 2.5 za punje zilizovunjika, na katika lile la asilimia 25 kilo 12.5. Viwango vya kimataifa vya Codex huihesabu punje kuwa chenga ikiwa urefu wake haufiki robo tatu ya urefu wa wastani wa punje nzima, lakini nchi zinazouza mchele kwa wingi zina vipimo vyao wenyewe, kwa hiyo asilimia 5 za Thailand na za Pakistani si lazima zilingane punje kwa punje. Hilo halinisumbui sana. Kinachonisumbua zaidi ni maneno ya sifa. Maneno kama bora, teule au ya kifalme hayana kipimo chochote nyuma yake, na yapo mengine yanayopotosha hata mtu makini: katika biashara ya mchele wa Thailand, "A1 SUPER" ni jina la daraja la chenga. Mtu asiyelijua atalipia chenga akidhani amepata daraja la juu kabisa, na hatakuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa gunia lilisema kweli.

Yapo pia maandishi yanayoeleza kazi iliyofanyika kinuni, na haya ni ya maana zaidi kuliko sifa. Neno "SORTEX" hutokana na jina la mashine za kuchambua kwa rangi, nalo linamaanisha kwamba punje nyeusi, za njano na mawe yenye rangi tofauti yameondolewa kwa jicho la mashine. Halisemi lolote kuhusu chenga. Neno "PARBOILED" linamaanisha kwamba mpunga ulilowekwa na kupitishwa kwenye mvuke kabla ya kukobolewa, na ndiyo sababu punje zake huwa na rangi ya manjano hafifu. Nimewahi kumsikia mpokeaji mzigo akiukataa mchele wa aina hiyo kwa madai kwamba umezeeka, ilhali rangi ile ilikuwa yake tangu kinuni.

Hata hivyo daraja lote hili ni la maandishi ya kwanza, na gunia tupu lililochapwa asilimia 5 linaweza kujazwa chochote. Kwa hiyo baada ya kusoma humwomba muuzaji achote mchele wa gunia hilohilo, apime gramu 100, autandaze kwenye kitambaa cheusi, atenge chenga upande mmoja, kisha apige picha ambamo mchele uliotandazwa na mstari wa nukta wa gunia vinaonekana pamoja. Chenga zikitengwa na kupimwa, kila gramu ni asilimia moja. Sampuli moja ndogo haiwezi kutofautisha asilimia 5 na 7, lakini 5 na 20 huonekana bila mizani. Muuzaji wa gunia hili alifanya hivyo bila kunung'unika, na chenga zilikuwa chache.

Uzito unahitaji subira zaidi. Kitu cha kwanza ninachokitafuta si namba bali kipimo kinachoifuata, kwa sababu gunia la paundi 100 lina kilo 45.36 tu, na likisimama karibu na la kilo 50 jicho halitambui tofauti, hasa picha ikiwa imekatwa pembeni pale kipimo kilipoandikwa. Magunia mengine huandika vipimo vyote viwili, na hapo mtu anaweza kuhakiki moja kwa jingine: kilo 50 ni paundi 110.2, na kilo 25 ni paundi 55.1. Namba zisipolingana, gunia hilo halikuchapwa kwa uangalifu, nami huanza kulitilia shaka jambo jingine lolote lililoandikwa juu yake.

Kitu cha pili ni kama uzito huo ni wa mchele peke yake au ni pamoja na gunia. Kwa gunia la nailoni tofauti ni ndogo, kwani gunia tupu la kilo 50 huwa na gramu mia moja hivi. Kwa gunia la juti tofauti inaweza kupita nusu kilo, na mzigo ukiwa mkubwa hizo ni kilo nyingi za nyuzi zilizolipiwa kwa bei ya mchele.

Kitu cha tatu huwagombanisha watu bure. Uzito uliochapwa ni uzito wa siku ya kujaza, na mchele hubadilika uzito kwa sababu hubeba maji. Tuseme ulijazwa kilo 50 ukiwa na unyevu wa asilimia 14, ambao ni wa kawaida kwa mchele wa biashara. Kiwango cha Codex kinaruhusu hadi asilimia 15. Katika kilo hizo 50, kilo 7 ni maji na kilo 43 ni mchele mkavu. Ukikaa ghala kavu hadi unyevu ushuke kufika asilimia 12, kilo 43 zile zile sasa ni asilimia 88 ya uzito wote, kwa hiyo gunia litasoma kilo 48.9. Zaidi ya kilo moja imeondoka na hakuna aliyeiba. Gunia la nailoni lililosukwa bila utando wa plastiki ndani yake hupitisha hewa, na hilo hutokea polepole. Sasa, je, mtu atajuaje kama kilo iliyopungua imekwenda na hewa au imekwenda na mkono? Jibu liko kwenye mshono.

Mshono wa kiwandani huwa mnyoofu, wenye hatua zinazolingana, na uzi wake hufanana kwenye magunia yote ya rundo moja. Gunia lililofunguliwa na kushonwa tena huacha matundu ya sindano ya zamani, ambayo kwenye nailoni hayazibiki, kwa hiyo utaona mstari wa matundu matupu sambamba na mstari wenye uzi. Wakati mwingine aliyelishona tena hukunja mdomo zaidi ili kuficha matundu ya mwanzo, na hapo gunia huonekana fupi kuliko wenzake. Ndiyo maana huomba picha ya mdomo wa gunia ikiwa imepigwa karibu, na nyingine ya rundo zima ikiwa imepigwa kwa mbali. Gunia la kilo 48.9 lenye mshono wa kiwandani hulipokea. Gunia la kilo 49.5 lenye safu mbili za matundu hulikataa, ingawa ni zito zaidi, kwa kuwa sijui tena ni mchele gani uliomo.

Niliyoyasema kuhusu daraja na uzito mtu anaweza kuyahakiki mzigo ukifika. Umri ni tofauti, kwa sababu mchele mweupe uliokaa miaka miwili hauonyeshi sana uso wake, na hapa ndipo mstari wa nukta unapokuwa shahidi pekee. Turudi kwenye ile mistari mitatu.

"PD" ni tarehe ya uzalishaji na "ED" ni mwisho wa matumizi. Vinu vingine huandika "MFG" na "EXP", au "BB" kwa maana ya kwamba chakula kinakuwa katika ubora wake kabla ya tarehe hiyo. Tatizo la 03/04/24 ni kwamba inasomeka kama tarehe 3 Aprili na pia kama tarehe 4 Machi, kutegemea desturi ya kinu. Muuzaji aliniambia ni Machi. Sikubishana naye, bali nilizipima tarehe zote mbili kwa pamoja. Kwa kawaida kinu hutoa muda kamili wa miezi kadhaa, na kwa mchele mweupe mara nyingi ni miezi 24. Ukisoma siku kwanza, ni kuanzia tarehe 3 Aprili 2024 hadi tarehe 2 Aprili 2026, yaani miaka miwili kamili, siku ya mwisho ikihesabiwa. Ukisoma mwezi kwanza, ni kuanzia tarehe 4 Machi 2024 hadi tarehe 4 Februari 2026, yaani miezi 23, muda ambao ni vigumu kumpata mwenye kinu aliyeuchagua. Usomaji wa siku kwanza ukawa na nguvu zaidi.

Kisha nikaihesabu namba ya bechi. Vinu vingi huandika bechi kwa tarakimu mbili za mwaka zikifuatwa na tatu za siku ya mwaka, kuanzia 001 hadi 365, au 366 katika mwaka mrefu. Katika L24094, mwaka ni 2024 na siku ni ya 94. Januari ina siku 31, Februari ya mwaka ule ilikuwa na 29, Machi 31. Jumla ni 91, na siku ya 94 inaangukia tarehe 3 Aprili. Kama ingekuwa tarehe 4 Machi, bechi ingesoma 24064. Hapo shauri lilikwisha, mashahidi wawili wakiwa wamesema neno moja. Ile -2 ya mwisho inaweza kuwa zamu au mashine. Ni kinu pekee kinachojua, na mnunuzi hana haja nayo. Ni vyema kutahadhari pia kwamba si kila kinu hutumia siku ya mwaka. Wengine huandika namba ya mfululizo tu, na mtu akiilazimisha iwe tarehe atapata tarehe ya uongo. Mimi huiamini bechi kama tarehe pale tu inapokubaliana na tarehe iliyoandikwa.

Uhakiki huu una faida nyingine ambayo sikuitarajia. Mashine ya wino ikiziba tundu moja, safu nzima ya nukta hukosekana, na 8 inaweza kuonekana kama 3, au 6 ikafanana na 5. Picha ikiwa imebanwa na programu ya simu wakati wa kutumwa, hali huwa mbaya zaidi. Kwa kuwa tarehe moja imeandikwa kwa namna mbili, tarakimu iliyofifia kwenye mstari mmoja huweza kupatikana kwenye mwingine. Hata hivyo ni afadhali kuomba picha itumwe kama faili, ambapo haibanwi, na ipigwe mwanga ukitokea ubavuni badala ya mbele, kwa sababu mwako wa taa kwenye nailoni hufuta nukta kabisa.

Baada ya hayo yote, nilichokuwa nimekijua ni siku mchele ulipojazwa kwenye gunia, na siku hiyo siyo siku ya mavuno. Mpunga ukikauka vizuri hukaa muda mrefu kabla ya kukobolewa, na gunia lenye tarehe ya mwezi uliopita laweza kubeba mavuno ya msimu uliotangulia. Kinachoeleza mavuno ni mwaka wa msimu, ulioandikwa kwa mfano "CROP 2023/24", na magunia mengi hayana maandishi hayo. Mchele uliokaa si lazima uwe mbaya. Wapo wanaoupendelea kwa kuwa hufyonza maji zaidi na punje zake hazishikamani. Lakini anayeununua kwa bei ya mchele mpya anastahili kujua, kwa hiyo swali la msimu huliuliza kwa maandishi ili jibu nalo liwe la maandishi.

Kuna pia mchele unaopakiwa upya, na huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko mwingine wowote. Mtu hununua magunia makubwa, huyafungua, hujaza mifuko yake na kuandika tarehe ya siku hiyo, na saa ya umri huanza upya. Dalili yake pichani ni kwamba nchi ya asili na anwani ya mpakiaji ni nchi mbili tofauti, na tarehe iliyopo ni ya upakiaji, si ya ukoboaji. Si kosa kufanya hivyo, lakini huomba picha ya gunia la mwanzo. Wengi hutazama tarakimu tatu za mwanzo za barkodi wakitafuta nchi ya asili, kwa mfano 885 ya Thailand au 893 ya Vietnam. Tarakimu hizo huonyesha tu ni shirika la nchi gani lililotoa namba kwa kampuni, na mchele wenyewe waweza kuwa umelimwa bara jingine.

Unga niutaje kwa ufupi, kwa kuwa mambo mengi ni yaleyale. Daraja la unga wa ngano katika nchi kadhaa huandikwa kwa kiasi cha majivu yanayobaki unga ukichomwa, ambacho huongezeka kadiri pumba zinavyobaki. Kijerumani huandikwa 550 na Kifaransa T55, na unga ni wa aina moja kwa makadirio, kwa kuwa tofauti ni kipimo tu: miligramu 550 katika gramu 100 za unga mkavu ni asilimia 0.55. Namba hiyo hueleza weupe, wala haielezi nguvu ya kuumuka. Hiyo itafutwe kwenye jedwali la virutubisho, penye protini. Kuhusu umri, unga kwa kawaida hujazwa mara baada ya kusagwa, kwa hiyo tarehe yake ni ya kuaminika kuliko ya mchele. Unga usiokobolewa hupewa muda mfupi kuliko mweupe kwa sababu mafuta ya kiini huchacha, na nikiona umeandikiwa muda uleule wa unga mweupe huuliza maswali. Hali ni hiyo kwa mchele wa kahawia.

Mchele wa gunia lile tuliununua, na shehena ilifika mwezi Agosti mwaka ule ule. Nilikuwa nimeandika kwenye makubaliano kwamba bechi ni 24094, na mpokeaji akatakiwa kusoma mstari wa nukta wa kila gunia wakati wa kushusha, si wa yale ya juu tu. Ya juu yote yalikuwa 24094. Chini yake yalijitokeza magunia yenye 23311, yaani siku ya 311 ya mwaka 2023, ambayo ni tarehe 7 Novemba, takriban miezi mitano kabla ya yale ya pichani. Uso wa magunia haya na yale ulikuwa mmoja kabisa, mwekundu uleule na asilimia ileile. Muuzaji alisema yalichanganyika ghalani, na huenda ni kweli. Kwa kuwa bechi ilikuwa imeandikwa, hapakuwa na mabishano marefu: aliyapunguzia bei magunia ya Novemba, tukakata mshono wa machache na kukuta hayana wadudu wala uvundo, tukayapanga mbele, karibu na mlango, ili yapikwe kwanza.